Kutafuta kazi kuna tarehe ya mwisho: hesabu ya kuhama kwenda kazi yako mwenyewe

Swali tunaloulizwa sana na wasomaji wa Irving, Arlington na hata wale wa Houston upande wa Alief ni hili: nimetafuta kazi miezi mitano, sita, sipati, je nianze kitu changu? Wengi wanalileta wakiwa wamechelewa, akaunti imebaki dola 300 na kodi ya nyumba inadaiwa Jumatatu. Hapo hakuna tena uamuzi. Mtu asiye na akiba hachagui biashara, anashika chochote kinachopita. Kwa hiyo somo la leo ni namna ya kulijibu swali hilo mapema, wakati bado una pesa ya kukuwezesha kuchagua.

Kabla ya hesabu yoyote, angalia karatasi zako. Mwenye kadi ya kijani anaweza kujiajiri. Mwenye kadi ya kazi inayotokana na ombi la hifadhi kwa kawaida naye anaweza, maana kadi ile haimfungi kwa mwajiri mmoja. Lakini aliyeingia kwa viza iliyofungwa kwa mwajiri, kama H-2B ya kazi za msimu au H-1B, hawezi kuanza kusafisha nyumba za watu au kupaka rangi kwa malipo yake mwenyewe, hata Jumapili moja. Mwanafunzi wa F-1 pia ana masharti yake makali. Kosa hapo halilipiwi kwa faini ndogo, linaweza kukuharibia kesi yako yote ya uhamiaji. Kama hujui kadi yako iko kundi gani, muulize wakili au shirika la msaada wa kisheria kwanza, halafu urudi kwenye ukurasa huu.

Sasa tuchukue mfano. Dada mmoja wa Irving, karibu na barabara ya MacArthur. Tumeutengeneza mfano huu kutokana na hali tunazokutana nazo mezani, na namba tumezifanya rahisi. Alikuwa anafanya kazi jikoni kwenye kampuni ya chakula karibu na uwanja wa ndege wa DFW, kazi ikapunguzwa, naye akapunguzwa nayo. Nyumbani alikuwa na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu za ofisi, kwa hiyo akaanza kuomba kazi za ofisi huko Las Colinas. Miezi mitano imepita. Akiba yake tarehe 1 Juni ni dola 5,400. Wikiendi anamtunza mzee mmoja, inamletea dola 400 kwa mwezi. Matumizi yake ni dola 1,400: sehemu yake ya kodi 650, chakula 250, gari na bima yake 260, simu 40, na dola 200 anazotuma nyumbani.

Watu wengi wangegawa 5,400 kwa pengo la kila mwezi, ambalo ni dola 1,000 (1,400 toa 400), na kusema "bado nina miezi mitano na kitu." Hesabu hiyo ndiyo inayowapoteza. Inakuambia siku utakayobaki bila chochote. Siku unayoihitaji ni ile ya mwisho ambayo bado unaweza kuanza kitu chako kwa heshima.

Kwa hiyo tunatoa kwanza pesa ya kuanzia. Yeye anafikiria usafi wa nyumba, kwa sababu aliwahi kuufanya na gari analo. Mashine ya kufyonza vumbi iliyotumika, ndoo, dawa, vitambaa, cheti cha jina la biashara na bima ya miezi ya kwanza: tuseme dola 600. Halafu kuna kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau. Wateja hawaji siku ya kwanza. Lazima awe na pengo la miezi miwili limekaa pembeni, yaani dola 2,000, la kumlisha wakati wateja wanajaa. Jumla 2,600. Toa kwenye 5,400, zinabaki 2,800. Gawa kwa 1,000, unapata miezi 2.8. Kutoka tarehe 1 Juni hiyo inaangukia karibu tarehe 24 Agosti.

Hiyo ndiyo tarehe yake. Aiandike kwenye kalenda ya ukutani, siyo kichwani. Akizungumza na watu wa nyumbani na wakakubali kusimamisha zile dola 200 kwa muda, pengo linashuka kuwa 800 kwa mwezi, na akiba ileile inampa muda zaidi. Tunajua mazungumzo hayo ni magumu. Tumeona mtu akikopa kwa kadi ya benki ya huku ili asikose kutuma, na riba ya kadi ikawa kubwa kuliko alichokituma. Afadhali kusema ukweli mwezi wa pili kuliko kunyamaza hadi mwezi wa saba.

Kati ya leo na hiyo tarehe kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kujua kama utafutaji wake umekufa au umeharibika tu. Hivi ni vitu viwili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Tukamwomba aandike kwenye daftari: maombi mangapi ametuma, simu ngapi zimerudi, intavyuu ngapi amefanya, na zimeishia wapi. Yakatoka maombi 62, simu nne, intavyuu moja. Halafu tukaangalia zile simu nne zimetoka wapi. Tatu zilitoka kwenye maombi ya jikoni na utunzaji wa wazee, moja tu kwenye ofisi, wakati maombi ya ofisi yalikuwa 50. Hapo unaona picha. Ofisi hazimwiti kwa sababu hawaijui diploma yake, na hakuna chombo cha tathmini kilichoieleza kwa lugha ya shule za Marekani. Maombi mengine 50 ya namna ileile yatampa majibu yaleyale. Kule ambako amefanya kazi, maombi 12 yamempa simu tatu. Utafutaji huo haujafa.

Kanuni tunayoitumia sisi ni rahisi. Simu haziji kabisa: tatizo liko kwenye karatasi au aina ya kazi unayoomba, badilisha hicho kwanza, usikimbilie biashara. Ofisi za Workforce Solutions, za Dallas na za Houston, zinasaidia kupanga wasifu wa kazi bila malipo. Simu zinakuja lakini kila mara zinaishia kwenye intavyuu: tatizo ni Kiingereza, usafiri au saa za shifti. Ukishabadilisha unachoweza kubadilisha, ukasubiri wiki sita, na daftari likabaki vilevile, hapo ndipo tunakubali kwamba soko limekujibu.

Kama unapokea malipo ya kukosa kazi kutoka Texas Workforce Commission, kumbuka yana mwisho, wiki 26 kwa wingi, na yanakutaka uendelee kutafuta kazi. Pia kila wiki uliyofanya kazi yoyote lazima uiseme, hata kama umesafisha nyumba moja na kulipwa keshi. Wapo waliofikiri usafi wa jirani hauhesabiki. Unahesabika, na pesa iliyolipwa kimakosa hudaiwa.

Kazi ya pili ni jaribio. Usiiache tarehe 24 Agosti ifike ndipo ujue kama unaweza kupata mteja. Dada huyu alitenga Jumanne na Alhamisi kwa usafi, siku nyingine zote akaendelea kutafuta kazi. Mwezi Juni alipata nyumba mbili tu, zote za watu wa kanisani kwake. Hizo hatukuzihesabu. Mtu anayekuita kwa sababu anakuhurumia ni mtu mwema, lakini hakuambii kitu kuhusu soko. Tulichotaka kuona ni mtu asiyemjua, anayelipa bei kamili, na anayemwita tena.

Julai ikaja vizuri. Nyumba tisa, bei dola 120 kwa nyumba ya vyumba viwili. Kila nyumba saa tatu na nusu za kazi na saa moja barabarani, maili 24 kwenda na kurudi. Akatuambia kwa furaha, "Nimepata 1,080!" Tukakaa naye chini.

Dawa na vitambaa, dola 8 kwa nyumba, ni 72. Gari: maili 216. Wengi wanahesabu petroli tu, lakini matairi, oili na uchakavu ni pesa pia, na ndiyo maana tunatumia kipimo cha idara ya kodi, senti 70 kwa maili kwa mwaka 2025. Hiyo ni dola 151. Bima ya mwezi 45. Jumla ya gharama 268, zinabaki 812. Halafu inakuja kodi ya kujiajiri, ambayo mwajiriwa haioni kwa sababu nusu yake hulipwa na bosi. Kwa aliyejiajiri zote mbili ni zake: asilimia 15.3, ikipigwa juu ya asilimia 92.35 ya faida, yaani karibu senti 14 kwa kila dola ya faida. Kwake ni dola 115. Amebaki na 697.

Saa je? Nyumba tisa kwa saa nne na nusu ni saa 40 na nusu. Ongeza saa 12 za kupiga simu, kwenda kuangalia nyumba na kupanga bei. Saa 52 na nusu. Gawa, unapata dola 13 na senti 28 kwa saa.

Sasa linganisha. Wakala wa vibarua alikuwa tayari kumpa shifti za ghala kwa dola 15, ambazo baada ya makato ya Social Security na Medicare, asilimia 7.65, ni 13 na senti 85. Kwa hiyo mwezi huo biashara ilimlipa chini kidogo ya wakala. Wengi wangesema basi, imeshindikana. Lakini angalia zile saa 12. Akiwa na nyumba 16 haongezi saa za kutafuta wateja, ikiwa wale wa zamani wanamwita tena, na bima ni ileile 45. Tukapiga hesabu ileile kwa nyumba 16 na ikatoka dola 15 na senti 11 kwa saa. Biashara hii inaishi kwa wateja wanaorudi. Mteja mpya kila siku ni njia ya kuchoka bila kupata.

Swali likabaki moja: anahitaji nyumba ngapi ili pengo la dola 1,000 lizibike? Kila nyumba ya 120, ukitoa dawa, gari na kodi, inamwachia dola 82 hivi. Bima nayo lazima ilipwe. Jibu ni nyumba 13 kwa mwezi. Na nyumba 13 kwa mwezi ni wateja sita wanaosafishiwa kila wiki mbili. Hapo uamuzi wote umekuwa namba moja anayoweza kuihesabu kwa vidole: wateja sita wa kurudia kufikia tarehe 24 Agosti.

Kuna pesa moja ambayo hatujaihesabu kwa sababu si yake. Texas inatoza kodi ya mauzo kwenye usafi wa nyumba, na hapa Irving ni asilimia 8.25. Mteja wa 120 analipa 129 na senti 90, na zile 9.90 ni za serikali, wewe umezishika tu. Kibali chake hutolewa bure na ofisi ya Comptroller ya Texas. Tumewaona wenzetu wanaofanya usafi miaka miwili bila kujua hili, kisha deni linakuja pamoja na adhabu. Fungua akaunti ya pili ya benki isiyo na kadi. Kila nyumba ikilipwa, weka humo zile 9.90, na juu yake dola 20 za kodi ya serikali kuu. Kodi ya mapato kwa kipato hiki ni ndogo, maana mwaka 2025 mtu asiye na ndoa hatozwi kwenye dola 15,750 za mwanzo, lakini ile ya kujiajiri inaanza faida ya mwaka ikifika dola 400 tu. Hulipwa kwa mafungu: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15.

Wateja wakikulipa keshi, ipeleke benki kabla ya kutuma nyumbani. Tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia moja kwa pesa inayotumwa nje kwa keshi au hawala ya karatasi. Inayotoka kwenye akaunti ya benki ya Marekani haitozwi. Na benki inakupa rekodi ya mapato, kitu utakachohitaji siku ya kuomba nyumba ya kupanga.

Kwa ndugu zetu wa ujenzi hesabu ni hiyohiyo, ila mtego ni mwingine. Bosi anakuambia, "Kuanzia sasa umejiajiri, nitakulipa 18 badala ya 16, utapata 1099." Anakupangia saa, anakupa vifaa, anakukataza kwenda kwa mwingine. Hapo hujajiajiri, umebadilishiwa karatasi tu. Dola 18 baada ya kodi ya kujiajiri ni 15 na senti 46. Dola 16 za mwajiriwa ni 14 na senti 78. Tofauti ni senti 68, na kwa hizo umeachia malipo ya kukosa kazi, bima ya kuumia kazini kama alikuwa nayo, na gari lako linakwenda saiti kwa gharama yako. Kujiajiri kwa kweli ni pale unapotoa bei mwenyewe na una wateja zaidi ya mmoja. Kupaka rangi na kuweka sakafu hakuhitaji leseni ya jimbo hapa Texas. Umeme, mabomba na viyoyozi vinahitaji. Usianzie huko kwa sababu tu ulivifanya Mombasa.

Wanaofikiria maandazi na chapati, sheria ya Texas ya chakula cha kupikwa nyumbani iko upande wenu, na tangu Septemba 1, 2025 inaruhusu mauzo hadi dola 150,000 kwa mwaka. Unahitaji cheti cha kushughulikia chakula na lebo inayosema kimepikwa nyumbani kusikokaguliwa. Nyama hairuhusiwi, kwa hiyo sambusa ya ng'ombe imetoka. Ya dengu inapita. Kuhusu vitenge na viatu vya kuagiza, sisi ni wagumu kidogo. Usafi unakurudishia pesa siku ileile. Mzigo wa dola 1,500 unakaa chini ya kitanda, nusu unauzwa kwa mkopo kwa marafiki, na tarehe ya mwisho inafika pesa yako ikiwa ni kitambaa. Kwa mtu aliye katikati ya kutafuta kazi, biashara ya kwanza iwe ya kuuza kazi ya mikono.

Turudi kwa dada yetu. Pesa ya Julai ingeweza kumsogezea tarehe mbele wiki tatu. Tulimshauri asiisogeze, aiongeze kwenye ile akiba ya miezi miwili, kwa sababu tarehe inayosogezwa mara moja husogezwa tena. Tarehe 24 Agosti alikuwa na wateja watano wa kila wiki mbili, na mmoja wa mara moja kwa mwezi. Nyumba kumi na mbili hivi. Amekosa kidogo.

Alihama. Sababu ni kwamba watano kati ya hao hakuwajua kabla, na wawili waliletwa na mteja mwingine, maana yake kazi yake inajiuza. Cheti cha jina la biashara akachukua kwa karani wa Dallas County. Utafutaji wa kazi hakuuacha wote. Aliubana ukawa asubuhi mbili kwa wiki, tena kwa zile kazi za jikoni na utunzaji zilizokuwa zikimpigia simu. Za ofisi aliziweka kando hadi apate pesa ya kutathmini diploma.

Kisha tukaandika tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza: 24 Oktoba. Siku hiyo anafungua daftari na kuangalia vitu viwili, wateja wa kurudia wangapi, na zile dola 2,000 zimebaki ngapi. Wakiwa sita au zaidi, anaendelea na kupandisha bei kwa mteja mpya hadi 130. Wakiwa wanne au pungufu, au akiba imeshuka chini ya 1,000, anachukua shifti za wakala Jumatatu inayofuata na kubaki na wateja wake wazuri siku ya mapumziko. Wakiwa watano, anakuja tena kwetu na daftari lake.